Bondi ya Polisi, Dhamana ya Korti, na Siku 14 za Mfanya Kazi



Twaandika habari hii kwa ajili ya jambo moja lililomo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambalo wengi wetu hapa Garissa, na wenzetu wa Wajir na Mandera, hawalijui mpaka barua ya kuachishwa kazi iwafikie mkononi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo chahesabu mambo ambayo kwayo tajiri aweza kumfukuza mtu bila notisi. Humo mna ulevi kazini, mna kukaidi amri ya halali, mna matusi. Tena mna hili: mfanya kazi akikamatwa kwa kosa ambalo polisi aweza kumkamatia mtu bila hati, na ambalo adhabu yake ni kifungo, naye zipite siku 14 bila ya kuachiliwa kwa bondi wala dhamana wala kwa njia nyingine ya halali, tajiri amepata sababu.

Tazameni vizuri maneno hayo. Haikusemwa kwamba mtu awe amehukumiwa, wala kwamba awe na hatia. Hata akishinda kesi baada ya mwaka mmoja, kazi yaweza kuwa imekwisha kwenda siku ya kumi na tano kwa sababu alikosa mdhamini. Ndiyo maana twasema kwamba kwa mtu wa mshahara, bondi si jambo la wanasheria tu. Ni kalenda, na kalenda hiyo yaanza kuhesabiwa saa ile askari anapomshika mkono.

Sasa kwanza tuondoe fujo iliyo katika majina. Watu husema “bondi” na “dhamana” kana kwamba ni kitu kimoja, na askari wengine nao husema hivyo hivyo. Bondi ni ahadi iliyoandikwa na kutiwa sahihi, kwamba mimi fulani nitafika mahali fulani siku fulani, na nisipofika nitadaiwa kiasi fulani cha fedha. Kiasi hicho huandikwa katika karatasi, lakini siku ile ya kutia sahihi hapana senti inayotoka mfukoni. Dhamana ya fedha taslimu ni kitu kingine. Hapo mtu huweka pesa zenyewe, hupewa risiti, na pesa hukaa huko mpaka kesi iishe. Na kuna bondi yenye mdhamini, yaani mtu mwingine huja akasema, “Huyu asipofika, nidaini mimi.” Hapo pia hakuna pesa inayolipwa siku ile, ila mdhamini huonyesha kitu alicho nacho.

Mambo haya yote yaweza kufanyika kituoni, na yote yaweza kufanyika kortini. Tofauti ni nani anayekata shauri, na lini, na kwa mipaka gani.

Kituoni mwenye amri ni mkuu wa kituo. Si askari aliyekukamata, wala si yule anayeandika kwenye kitabu cha matukio, ingawa hao ndio wanaoulizwa na jamaa usiku kucha. Nguvu yake yatoka katika Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 36, nacho kina maneno mawili ambayo yafaa kila mwanachama ayashike. Mtu akiletwa kituoni bila hati ya korti, mkuu wa kituo *aweza* kumwachilia kwa bondi wakati wowote. Lakini ikiwa yaonekana haiwezekani kumfikisha mbele ya hakimu katika muda wa saa 24, mkuu huyo *lazima* aichunguze habari yake, na kama kosa halionekani kuwa zito, amwachilie kwa bondi, yenye mdhamini au isiyo na mdhamini, kwa kiasi cha haki. Makosa manne yametolewa nje: kuua kwa kukusudia, uhaini, wizi wa kutumia nguvu, na kujaribu wizi wa namna hiyo. Kwa hayo mkuu wa kituo hana ruhusa, mpaka korti.

Kifungu cha 123 cha sheria hiyo hiyo chaongeza kwamba mkuu wa kituo, badala ya kudai dhamana, aweza kumwachilia mtu kwa sahihi yake mwenyewe bila mdhamini yeyote. Basi anayesema kwamba “polisi hawaruhusiwi kumtoa mtu bure” hasemi kweli. Wanaruhusiwa, na imeandikwa. Tena kifungu cha 36 chamruhusu mkuu wa kituo kumwachilia kabisa, bila bondi yoyote, mtu ambaye uchunguzi haukupata ushahidi wa kutosha juu yake.

Kwa nini twashikilia hizo saa 24? Kwa sababu ya Ijumaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 24. Lakini saa 24 zikiishia nje ya saa za korti, au katika siku isiyo ya korti, muda wavutwa mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa zake zaisha Jumamosi jioni, korti imefungwa, naye kisheria aweza kuletwa Jumatatu mpaka jioni. Siku tatu katika seli, na hakuna sheria iliyovunjwa na mtu yeyote kwa upande wa saa. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, ongeza moja.

Wengi hudhani hapo hakuna la kufanya. Lakini rudini kwenye lile neno *lazima*. Mtu wa Ijumaa jioni ndiye hasa ambaye haiwezekani kumfikisha kortini katika saa 24. Kwa hiyo kwa kosa dogo, Ijumaa si sababu ya kumweka ndani, bali ndiyo sababu ambayo sheria yamtaka mkuu wa kituo amfungulie. Na sisi wa kaskazini mashariki tuna sababu ya pili, nayo ni njia. Kutoka Garissa mpaka Dadaab ni kama kilomita 100, na Liboi ni mbele zaidi, karibu na mpaka wa Somalia. Vituo vya mbali kama Hulugho haviko jirani na hakimu hata kidogo, na mvua zikinyesha njia hukatika. Mkuu wa kituo akisema, “Gari hakuna, hakimu yuko mbali,” ametaja mwenyewe ile hali ambayo sheria imesema lazima achunguze na aachilie. Yafaa aambiwe hivyo kwa adabu, na asubuhi, si usiku wa manane wakati hata yeye hayupo.

Hapa twaongeza neno dogo. Katika mkoa huu watu wazima hawakuzoea kumwuliza mkuu wa kituo swali lolote. Hali ya hatari ilitangazwa hapa Desemba 1963, na sheria zake maalum hazikuondolewa mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wake alikuwa mtu mzima wa miaka 27 zilipoisha. Katika miaka hiyo haki ambazo mtu wa Nakuru au wa Nyeri aliweza kuzidai zilikuwa na mlango wa pembeni huku kwetu. Mlango huo ulifungwa, lakini mazoea ya kunyamaza yamebaki.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate hatua kwa hatua. Utingo wa lori ameshuka Garissa mjini Ijumaa tarehe 6, akagombana na mtu juu ya mizigo, kelele zikawa nyingi, akakamatwa saa kumi na moja. Katika kitabu cha matukio ameandikwa kosa la kuleta fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani. Jambo la kwanza ambalo jamaa au mwakilishi wa wafanya kazi atafute si pesa. Atafute jina la kosa na namba ya kitabu cha matukio. Bila ya jina la kosa hamuwezi kujua mlango gani uko wazi.

Kosa hili la fujo limo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 95, na adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6. Liandikeni hilo, kwa sababu lina maana mara mbili. Kwanza, si kosa zito, kwa hiyo lile *lazima* la kifungu cha 36 lamhusu. Jumamosi asubuhi mwakilishi aende kwa mkuu wa kituo na kitambulisho cha utingo, na barua ya tajiri au ya chama yenye kusema anafanya kazi wapi na analala wapi, na aombe bondi bila mdhamini, ya kufika kortini Jumatatu. Mkuu akitaka mdhamini, awepo mtu mwenye kitambulisho na kazi inayojulikana. Utingo atatia sahihi, atatoka, na hatatoa shilingi hata moja.

Pili, ikiwa hata hivyo hakuachiliwa, Jumatatu tarehe 9 atasimama mbele ya hakimu, na hapo Katiba ina neno lake. Kifungu cha 49, sehemu ya pili, chasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Haisemi “asiwekwe kama ana pesa”. Yasema asiwekwe. Kwa hiyo utingo huyu asiye na kitu asimame na aseme kwa Kiswahili, au kwa Kisomali kupitia mkalimani: “Mheshimiwa, kosa hili adhabu yake ni miezi sita, naomba niachiliwe kwa sahihi yangu mwenyewe.” Tumeona watu wakipewa dhamana ya fedha kwa makosa ya namna hii na kupelekwa gerezani kwa kukosa elfu tano, na hakuna aliyefungua kinywa. Hakimu ana faili nyingi asubuhi ile. Mtu akinyamaza, huenda jambo likapita.

Yafaa pia mjue mpaka wa neno hili. Rumande ni agizo la korti, basi kifungu hicho hufanya kazi yake hasa mbele ya hakimu. Kituoni Jumamosi mtegemee kifungu cha 36. Na mjue kwamba miezi 6 hupimwa kwa adhabu iliyoandikwa katika sheria, si kwa adhabu mnayodhani hakimu atatoa. Ugomvi ule ule wa mizigo ukiandikwa kuwa ni kumpiga mtu na kumjeruhi mwilini, hiyo ni kifungo cha mpaka miaka 5, na mlango wa kutolipa kitu si wa lazima tena. Hata shambulio la kawaida, lisilo na jeraha, adhabu yake ni mpaka mwaka 1, limekwisha kupita mstari. Ndiyo maana tumesema jina la kosa litafutwe kwanza.

Basi tuchukue kwamba ndivyo ilivyokuwa, na Jumatatu utingo ameshtakiwa kwa kujeruhi. Bado ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Katiba ya sasa haikutoa kosa lolote nje, hata la kuua. Ni polisi waliofungwa mikono kwa makosa yale manne, si korti. Hakimu hutazama uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, kama mtu aliwahi kupewa dhamana akatoroka, kama atawasumbua mashahidi, na ana mizizi gani mahali pale. Kwetu upande wa mashtaka hupenda kusema kwamba mpaka uko karibu na mtu atavuka. Maneno hayo hayajibiwi kwa kukasirika, hujibiwa kwa karatasi: barua ya tajiri, barua ya chifu, anwani ya familia, shule ya watoto. Hakimu aweza pia kumwagiza afisa wa probesheni aende nyumbani na kazini, aandike taarifa. Afisa huyo akija, msimfiche kitu na msimcheleweshe, kwani kila siku ya kungoja taarifa ni siku katika zile 14.

Tuseme hakimu ameamua bondi ya shilingi 50,000 na mdhamini mmoja, au dhamana ya fedha taslimu shilingi 20,000. Utingo hana elfu ishirini. Mdhamini naye huulizwa mali. Hapa ndipo mkoa wetu huumia kuliko mingine. Mtu wa Kiambu hutoa hati ya shamba. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii, haina hati ya mtu mmoja mmoja, na mzee mwenye ngamia 40 hawezi kuwaleta mezani kwa karani. Kilichobaki ni kitabu cha gari, pesa za benki, na kwa wengi wetu karatasi ya mshahara. Mwalimu, mwuguzi, mfanya kazi wa kaunti, huyo karatasi yake ya mshahara yaweza kukubaliwa, nayo korti huihakiki kwa mwajiri. Tunawaomba wenye mishahara wasiogope upesi, wala wasiingie upesi. Mdhamini halipi kitu mtu akifika kortini. Mtu akitoroka, mdhamini huitwa aeleze, na asipokuwa na sababu huamriwa kulipa kile kiasi chote kilichoandikwa. Basi mdhaminini mtu mnayemjua kwao.

Na ikiwa hakuna mdhamini wala pesa? Kosa kubwa hapa ni kungoja tarehe ya kutajwa kesi. Kwa mtu aliye rumande tarehe hiyo huwa kama wiki mbili mbele. Jumatatu tarehe 9, kesi yatajwa tena Jumatatu tarehe 23. Lakini alikamatwa tarehe 6, na siku zake 14 zaisha tarehe 20. Atakayesema “tutamwambia hakimu siku hiyo” amekwisha chelewa kwa siku 3. Masharti yaweza kuombwa kupunguzwa siku yoyote, kwa hakimu yule yule, kwa maombi yanayosema mshahara wake ni kiasi gani na ameshindwa vipi. Akikataa, kifungu cha 123 chaipa Mahakama Kuu nguvu ya kupunguza dhamana iliyowekwa na hakimu au hata na polisi, na Mahakama Kuu ipo hapa hapa Garissa. Si lazima kwenda Nairobi.

Tajiri naye asidhani kwamba tarehe 21 barua hujiandika yenyewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamtaka, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kifungu cha 44, asikilize maneno yake na ya mwenzake aliyemchagua. Mtu akiwa rumande, mwakilishi amwandikie tajiri mapema, katika wiki ile ya kwanza, amweleze mtu yuko wapi na maombi gani yamepelekwa. Na mtu aliyetoka siku ya kumi na mbili arudi kazini na nakala ya bondi mkononi, kwa sababu sababu ile ya siku 14 haikumfika.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo limewatia wengi taabuni, nalo ni maslaha. Ugomvi ukitokea wazee hukaa, hulipana, mikono hupeanwa, na kila mtu huona jambo limekwisha. Mshtakiwa huenda zake Wajir na lori. Lakini ahadi aliyoitia sahihi hakuiweka kwa wazee, aliiweka kwa korti. Siku ikifika jina huitwa, hayupo, hakimu hutoa hati ya kumkamata, na mdhamini, ambaye pengine alikaa katika maslaha yale yale, huitwa kulipa. Safari ya pili hakimu ana haki ya kukataa dhamana, maana mtu amekwisha vunja ya kwanza. Maslaha yakifanyika, mlalamishi na mshtakiwa wafike wote wawili kortini siku iliyoandikwa, waseme wamepatana, na waombe kesi iondolewe. Korti ina ruhusa ya kupokea mapatano katika makosa madogo ya kupigana. Mpaka hakimu aseme kesi imekwisha, bondi ingali hai.

Mwisho ni habari ya pesa. Ikiwa mtu ameamua kuweka dhamana ya fedha kituoni, na madereva wa magari ya abiria hufanya hivyo kila wiki kwa makosa ya barabarani, ajue kwamba hiyo si faini. Akiweka elfu tano na kupewa tarehe, halafu asiende kwa kudhani amekwisha lipa, pesa huchukuliwa na hati ya kumkamata hutolewa juu yake. Risiti ya serikali itolewe pale pale, yenye kiasi, tarehe, jina la kosa na jina la aliyetoa pesa. Pesa isiyo na risiti si dhamana, hata ikiitwa hivyo, na karatasi ya bondi yenyewe haiuzwi. Anayedaiwa pesa “ya fomu” aombe kwa upole risiti ya hiyo fomu. Mara nyingi dai huishia hapo. Lisipoisha, tarehe, saa na namba ya kitabu cha matukio ziandikwe, zipelekwe kwa mkubwa wake au kwa IPOA, ambayo ina ofisi Garissa.

Kesi ikiisha, awe ameshinda au ameshindwa, dhamana ya fedha hurudishwa ikiwa alifika kila alipoitwa. Hurudishwa kwa yule ambaye jina lake limo katika risiti, kwa kuonyesha risiti na kitambulisho. Kwa hiyo wenzake wakichanga kazini, waandike jina la mweka hazina wao, si la mshtakiwa, wala la shangazi aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. Kama mtu aliweka pesa kituoni na baadaye hakushtakiwa, pesa zake zadaiwa kituoni hapo hapo. Tumeona risiti za namna hiyo zimekaa katika pochi miaka miwili, zimefifia wino, mwenyewe akidhani zilikwisha kuliwa.